Kwa nini injini ya ndege yenye feni kubwa hutumia mafuta kidogo

Katika viwanja vya Kigali na Entebbe hutua ndege mbili za ukoo mmoja. RwandAir ilipokea Airbus A330 yake ya kwanza mwaka 2016, na Uganda Airlines ilipokea A330-800 yake ya kwanza mwezi Desemba 2020. Upana wa kiwiliwili ni ule ule, na msukumo wa injini wakati wa kuruka haupishani sana. Lakini anayesimama mbele ya injini ataona tofauti. Feni ya injini ya Trent 700 iliyo kwenye ndege ya Kigali ina kipenyo cha sentimita 247, na ile ya Trent 7000 iliyo kwenye ndege ya Entebbe ina sentimita 284. Injini zote mbili zimetengenezwa na Rolls-Royce, nayo kampuni hiyo inasema kwamba ile mpya hutumia mafuta pungufu kwa asilimia 10 ili kutoa msukumo ule ule.

Asilimia 10 si jambo dogo. Ndege ya A330 iliyo angani hutumia takriban tani 5 hadi 6 za mafuta kila saa. Katika safari ya saa tano, kama ile ya Entebbe hadi Dubai, tofauti hiyo ni zaidi ya tani mbili na nusu. Kwa mashirika ya nchi zisizo na bahari, ambazo mafuta yake hushushwa Mombasa au Dar es Salaam kisha kusafirishwa mamia ya kilomita hadi uwanjani, kila tani ina bei yake na nauli yake.

Sababu ya akiba hiyo mara nyingi hutajwa kwa maneno machache tu, kwamba injini mpya ina "uwiano mkubwa wa mchepuo". Ili kuelewa maana yake, sharti kwanza kujua msukumo wa ndege hutoka wapi.

Msukumo hutoka wapi

Wengi hudhani kwamba moto unaotoka nyuma ya injini ndio unaoisukuma hewa iliyoko nje, na hewa hiyo nayo huisukuma ndege mbele, kama mtu asukumavyo mtumbwi kwa upondo kwa kukita chini. Sivyo. Injini huchukua hewa kwa mbele na kuitoa nyuma ikiwa na mwendo mkubwa zaidi kuliko ule ilioingia nao. Kuiongezea hewa mwendo kunahitaji kuisukuma nyuma, na kwa kanuni ya tatu ya Newton, hewa nayo huyasukuma mbele mapanga na kuta za injini kwa nguvu iliyo sawa. Nguvu hiyo hupita kwenye vishikizo vinavyoifunga injini kwenye bawa, na hivyo ndege nzima huvutwa.

Kiasi cha msukumo hutegemea mambo mawili tu: ni kilo ngapi za hewa zinazopita kila sekunde, na kila kilo imeongezewa mwendo kiasi gani. Ukizidisha moja kwa lingine unapata msukumo. Kilo 100 za hewa kwa sekunde, zikiongezewa mwendo wa mita 50 kwa sekunde, hutoa msukumo wa nyutoni 5,000. Kilo 50 zikiongezewa mita 100 hutoa nyutoni 5,000 vilevile. Kwa msukumo pekee, njia hizi mbili ni sawa. Kwa mafuta, si sawa hata kidogo, na hapo ndipo ulipo mzizi wa suala hili.

Injini ya turbofani hufanya kazi hiyo kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Hewa yote hupita kwanza kwenye feni, lile gurudumu la mapanga linaloonekana kwa mbele. Nyuma ya feni njia hugawanyika. Sehemu ndogo ya hewa huingia katika kiini cha injini. Huko hubanwa na safu nyingi za mapanga ya kompresa mpaka shinikizo lake liwe makumi ya mara ya lile la mwanzo, kisha huingia kwenye chumba cha mwako, ambamo mafuta hunyunyiziwa na kuwaka mfululizo. Gesi yenye moto mkali hutoka hapo kwa nguvu na kuzizungusha turbini. Turbini za mwanzo huzungusha kompresa kupitia mihimili iliyo katikati ya injini, na turbini za mwisho huizungusha feni yenyewe. Kinachobaki hutoka nyuma kama mkondo wa gesi ya moto.

Sehemu kubwa ya hewa haiingii kwenye kiini hata kidogo. Husukumwa na feni, ikapita kando kwenye nafasi iliyo kati ya kiini na ganda la nje, na kutoka nyuma ikiwa bado baridi. Ni kama magari yanayopita barabara ya mchepuo bila kuingia mjini. Hewa hii haichomwi mafuta, lakini imeongezwa mwendo, na kwa hiyo hutoa msukumo. Katika injini za kisasa za abiria, mkondo huu baridi ndio unaotoa sehemu kubwa zaidi ya msukumo wote, na kiini kimekuwa zaidi mtambo wa kuizungushia feni.

Uwiano wa mchepuo, basi, ni idadi ya kilo za hewa zinazopita kando kwa kila kilo moja inayoingia kwenye kiini. Katika Trent 700 ni kilo 5 kwa 1. Katika Trent 7000 ni kilo 10 kwa 1.

Hesabu ya nishati inayopotea

Ichukuliwe A330 iliyo katika mwinuko wa kawaida wa safari, ikienda mita 240 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya kilomita 860 kwa saa, na kila injini ikihitajika kutoa msukumo wa nyutoni 50,000. Takwimu hizi zimezungushwa ili hesabu iwe nyepesi, lakini haziko mbali na hali halisi. Kazi yenye manufaa, yaani ile inayoisogeza ndege, ni msukumo mara mwendo wa ndege. Hiyo ni megawati 12 kwa kila injini, na haibadiliki kwa aina yoyote ya injini itakayofungwa.

Lakini nishati hiyo si yote inayotumika. Hewa iliyoachwa nyuma ya ndege imebaki ikienda kasi, na nishati ya mwendo wake haimfaidi abiria yeyote. Nishati hiyo huongezeka kwa mraba wa mwendo ulioongezwa. Mwendo ukiongezwa maradufu, nishati inayopotea katika kila kilo ya hewa huwa mara nne.

Injini ya kwanza na ipitishe kilo 125 za hewa kwa sekunde, kila kilo ikiongezewa mwendo wa mita 400 kwa sekunde. Msukumo ni nyutoni 50,000 kama inavyotakiwa. Nishati inayopotea ni nusu ya 125, mara 400, mara 400, ambayo ni megawati 10. Ili kupata megawati 12 za kazi, injini imelazimika kutoa 22.

Injini ya pili na ipitishe kilo 500, kila kilo ikiongezewa mita 100 tu. Msukumo ni ule ule. Upotevu sasa ni nusu ya 500, mara 100, mara 100, yaani megawati 2.5. Jumla ni megawati 14.5 badala ya 22. Abiria ni wale wale, mwendo ni ule ule, na nguvu inayohitajika imepungua kwa theluthi moja. Siri yote ya uwiano mkubwa wa mchepuo imo hapa: ni bora kusukuma hewa nyingi polepole kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi kutoendelea. Injini ya tatu na ipitishe kilo 1,000 kwa mita 50. Upotevu hushuka hadi megawati 1.25, na jumla ni 13.25. Imepatikana akiba, lakini sasa ni kama asilimia 9 tu, ilhali hatua iliyotangulia ilileta theluthi. Kwa akiba hiyo ndogo, mdomo wa injini sharti uwe na eneo maradufu. Feni ya sentimita 284 ingelazimika kufikia karibu mita 4. Jinsi faida inavyopungua ndivyo gharama inavyopanda, na wahandisi hukaa katikati ya mistari hiyo miwili.

Kutoka VC10 hadi A330

Eneo hili limeshuhudia safari yote ya teknolojia hiyo. Shirika la East African Airways, lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, lilianza kutumia ndege za Super VC10 mwaka 1966. Zilikuwa na injini nne za Rolls-Royce Conway zilizopangwa mkiani. Conway ndiyo turbofani ya kwanza iliyoingia katika huduma ya abiria, lakini mchepuo wake ulikuwa mdogo mno: hewa iliyopita kando ilikuwa chini ya ile iliyoingia kwenye kiini. Kwa macho ya leo ilikaribia kuwa injini ya jeti tupu, iliyotupa nyuma hewa kidogo kwa kasi kubwa. Waliokaa karibu na viwanja vya Embakasi na Entebbe miaka hiyo walijua ndege ilipoondoka bila kutoka nje ya nyumba. Kelele ya mkondo wa jeti huongezeka kwa kasi kupita kiasi kila mwendo wa mkondo huo unapopanda, na ndiyo maana injini zilizofuata, zenye mikondo ya polepole, hazikuokoa mafuta tu bali pia zilitulia.

Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977. Kufikia wakati huo injini zenye mchepuo wa 5 kwa 1 zilikuwa zimekwisha anza kuendesha ndege kubwa za mabara mengine. Trent 700, iliyoanza huduma mwaka 1995, ni ya kundi hilo, ikiwa na viungo bora zaidi. Ndege yenye injini mbili kama hizo hubeba abiria wengi kuliko Super VC10 yenye injini nne.

Trent 7000 iliingia katika huduma mwaka 2018. Kwa juu juu inaonekana kwamba uwiano ukitoka 5 hadi 10, injini mpya inasukuma hewa maradufu. Lakini vipimo vya feni vinakataa. Kutoka sentimita 247 hadi 284, eneo la mdomo limeongezeka kwa takriban theluthi moja tu. Hewa inayopita, kwa makadirio ya haraka, nayo imeongezeka kwa theluthi. Uwiano ulipataje kuwa maradufu?

Jibu ni kwamba kiini kimepungua. Katika injini ya zamani, fungu moja kati ya sita ya hewa lilipita kwenye kiini. Katika mpya ni fungu moja kati ya kumi na moja. Kwa hiyo, hata baada ya hewa yote kuongezeka kwa theluthi, hewa ya kiini imepungua kwa zaidi ya robo. Kiini kidogo zaidi kinaizungusha feni kubwa zaidi.

Akiba ya asilimia 10 basi ina vyanzo viwili, na ni vyema kutovichanganya. Cha kwanza ni feni. Hewa ikiongezeka kwa theluthi kwa msukumo ule ule, mwendo unaoongezwa hupungua kwa robo, na nishati inayopotea nyuma ya ndege hupungua kwa robo vilevile. Kwa kuwa upotevu huo ulikuwa karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yote, faida ya feni peke yake haizidi sana asilimia 5, na sehemu yake huliwa na uzito na ukinzani wa ganda kubwa zaidi. Chanzo cha pili ni kiini chenyewe, kinachogeuza joto la mafuta kuwa nguvu ya mzunguko kwa ufanisi zaidi. Trent 700 huibana hewa hadi takriban mara 35 ya shinikizo la mwanzo, na Trent 7000 hadi mara 50. Hewa iliyobanwa zaidi kabla ya kuchomwa hutoa kazi zaidi kwa kila kilo ya mafuta, na hivyo ndivyo kiini kidogo kinavyoweza kubeba mzigo mkubwa.

Anayesoma tangazo la mauzo na kuona "mchepuo mkubwa, mafuta kidogo" hapati habari ya uongo, ila amepewa nusu yake. Mchepuo mkubwa hauwezekani bila kiini chenye nguvu zaidi kwa ukubwa wake, na kiini hicho ndicho kinacholeta shida.

Mahali injini inapougulia

Gesi inayotoka kwenye chumba cha mwako cha injini ya kisasa ina joto linalozidi nyuzi 1,500 za Selsiasi, ambalo ni juu ya kiwango cha kuyeyuka cha madini yenyewe yaliyotumika kuunda mapanga ya turbini. Mapanga hayo husalimika kwa sababu yana matundu madogo ndani yake, na hewa kutoka kwenye kompresa hupitishwa humo na kutandaa juu ya panga kama utando wa kinga. Vumbi likiziba matundu hayo, au chumvi na salfa zikila tabaka la juu, panga hupata joto kupita kiasi na kuanza kupasuka.

Fundi hahitaji kuifungua injini ili kujua kwamba imechakaa. Dalili ya kwanza ni joto la gesi upande wa turbini, ambalo hupimwa katika kila safari. Injini iliyochoka huhitaji mafuta zaidi kidogo ili kufikia msukumo ule ule, na joto hupanda. Tofauti iliyobaki kati ya joto hilo na kikomo kilichowekwa na mtengenezaji huandikwa safari baada ya safari. Ikipungua polepole, huo ni uzee wa kawaida. Ikishuka ghafula, kuna kilichoharibika. Baadaye kamera nyembamba mithili ya waya hupenyezwa kupitia matundu ya ukaguzi ili kuyaangalia mapanga moja baada ya jingine.

Injini zenye kiini kidogo na joto kubwa zimekuwa na tabia ya kulifikia kikomo hicho mapema kuliko wanunuzi walivyotarajia. Rolls-Royce yenyewe imekuwa ikiunda upya mapanga ya turbini ya kwanza ya Trent 1000 na Trent 7000 ili yadumu zaidi kati ya matengenezo. Tatizo si la mtengenezaji mmoja. Ndege za A220 za Air Tanzania zinatumia injini za Pratt & Whitney zenye mchepuo wa 12 kwa 1, na mwaka 2022 shirika hilo lililazimika kuzisimamisha baadhi ya ndege hizo kwa sababu ya matatizo ya injini. Ndege iliyoegeshwa haichomi mafuta yoyote, lakini malipo yake yanaendelea. Ndiyo maana shirika dogo lenye ndege mbili au tatu za aina moja huumia zaidi kuliko lile lenye hamsini: akiba ya mafuta ya mwaka mzima inaweza kumezwa na wiki chache za kungoja injini ya akiba.

Vikwazo vya feni

Feni nayo ina mipaka yake. Mzingo wa feni ya sentimita 284 ni karibu mita 9. Ikizunguka mara 45 kwa sekunde, ncha ya kila panga huenda mita 400 kwa sekunde, ambao ni mwendo unaozidi ule wa sauti. Hapo huzuka mawimbi ya mshtuko yanayopoteza nishati na kupiga kelele. Kwa hiyo feni inapokuwa kubwa sharti izunguke polepole. Lakini turbini inayoizungusha hupenda kuzunguka haraka, na vyote viwili viko kwenye mhimili mmoja. Rolls-Royce ilikubali turbini ya polepole na kuiongezea safu za mapanga: turbini ya feni ya Trent 700 ina safu 4, ya Trent 7000 ina 6. Pratt & Whitney ilichagua njia nyingine na kuweka gia kati ya turbini na feni, ili turbini izunguke takriban mara tatu ya feni. Gia huongeza uzito na joto la mafuta ya kulainisha, lakini ndiyo iliyofungua njia ya mchepuo wa 12.

Kikwazo kingine ni nafasi chini ya bawa. A330 ina miguu mirefu na iliweza kupokea feni kubwa zaidi bila misukosuko mikubwa. Boeing 737 haikuwa na bahati hiyo, kwa kuwa ilibuniwa miaka ya 1960 ikae karibu na ardhi, wakati injini zilipokuwa nyembamba. Kwa toleo la MAX, feni ilikua kutoka sentimita 155 hadi 176 na mchepuo ukapanda kutoka takriban 5 hadi 9. Injini ilibidi isogezwe mbele na juu zaidi, na mguu wa mbele ukarefushwa kwa sentimita 20. Mahali papya pa injini palibadilisha tabia ya ndege inapoinua pua sana, na ili kuirekebisha Boeing iliweka mfumo wa kompyuta unaoishusha pua wenyewe, ukitegemea taarifa za kihisi kimoja. Kihisi kilipotoa taarifa za uongo, mfumo huo uliisukuma pua chini tena na tena. Ndege ya Lion Air ilianguka Indonesia mwezi Oktoba 2018, na tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kuruka, ikiwa na watu 157. Hakuna aliyenusurika. Injini zenyewe hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika namna ndege ya zamani ilivyolazimishwa kuzibeba.

Kigali, na mwisho wa mstari

Uwanja wa Kigali uko karibu mita 1,490 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ina uzito wa takriban asilimia 86 ya ile ya pwani, na mchana wa jua kali huwa nyepesi zaidi. Kwa kuwa msukumo hutegemea kilo za hewa wala si ujazo wake, injini ile ile inayojaza mapafu yake Mombasa hupumua kwa shida Kigali, na mabawa nayo hudai mwendo mkubwa zaidi kabla ya kuinuka. Mchepuo mkubwa hauondoi hali hiyo. Injini yenye msukumo wa akiba huweza kuifidia kwa kiasi fulani, mpaka joto la turbini lifike kikomo. Baada ya hapo hakuna njia ila kupunguza mzigo, na hilo ndilo jambo linaloamua kama ndege ya masafa marefu itaondoka na mafuta ya kufika moja kwa moja au itapitia uwanja mwingine kuyaongeza.

Kwa upande wa pili, mchepuo mkubwa kuliko wote tayari upo, nao ni wa zamani. Ndege ya pangaboi, kama Dash 8 Q400 ambazo RwandAir imezitumia kati ya Kigali na Kamembe, husukuma hewa nyingi mno kwa mwendo mdogo, bila ganda lolote kuizunguka. Katika safari fupi haishindwi na jeti kwa uchache wa mafuta. Hasara yake ni mwendo: zaidi ya takriban kilomita 700 kwa saa ncha za pangaboi huanza kupoteza faida yote. Watengenezaji sasa wanajaribu kuunganisha pande hizo mbili. Mwezi Juni 2021 kampuni ya CFM, inayomilikiwa na General Electric na Safran, ilitangaza mradi wa injini yenye feni iliyo wazi, isiyo na ganda, inayokusudiwa kwenda kasi ya jeti na kupunguza matumizi ya mafuta kwa zaidi ya asilimia 20 ikilinganishwa na injini za sasa. Kwa kuwa feni hiyo haina ganda, uzito na ukinzani wa ganda hauihusu. Linalobaki kuthibitishwa ni kelele yake, na nini kitatokea panga lake likikatika mahali ambapo hakuna ukuta wa kulizuia lisifike kwenye kiwiliwili cha ndege.